Mzunguko Upi Urekebishwe, Upi Uachwe

Mzunguko wa udhibiti, ambao mafundi wengi huuita lupu, huunganisha vitu vitatu: kihisi kinachopima, kidhibiti kinachoamua na vali inayotekeleza. Katika kiwanda cha sukari, kihisi husoma joto la juisi ya miwa, kidhibiti hulinganisha joto hilo na kiwango kilichowekwa, tuseme nyuzi 103 za Selsiasi, kisha huiamuru vali ya mvuke ifunguke zaidi au ijifunge kidogo. Mvuke ukibadilika joto hubadilika, kihisi husoma tena, na kazi huanza upya. Tofauti kati ya kilichopimwa na kilichowekwa huitwa mkengeuko. Kidhibiti cha kawaida ni cha aina ya PID, nacho hubeba namba mbili tatu zinazoamua tabia yake: moja husema vali isukumwe kwa nguvu kiasi gani kwa kila kipimo cha mkengeuko, nyingine husema kidhibiti kiendelee kuisukuma kwa haraka gani mpaka mkengeuko uishe. Hii ya pili ni muda, huandikwa Ti, na kadiri unavyokuwa mrefu ndivyo kidhibiti kinavyokuwa mpole. Kuzibadili namba hizi ndiko kurekebisha mzunguko.

Kiwanda cha wastani huwa na mizunguko ya aina hii mamia, na fundi wa vidhibiti ni mmoja au wawili. Kurekebisha mmoja kwa uangalifu hula nusu siku: kusubiri mtambo utulie, kuisogeza vali kidogo kwa makusudi, kuangalia kipimo kinavyoitikia, kukokotoa namba mpya, kisha kukaa na kuangalia tena. Kwa hiyo kazi ngumu ni kujua uanze na upi. Mwaka 2001 Lane Desborough na Randy Miller wa kampuni ya Honeywell walieleza hali ya vidhibiti vya PID wapatao 26,000 katika viwanda mbalimbali. Takribani theluthi moja tu vilikuwa vikifanya kazi ya kuridhisha. Asilimia 36 havikuwa vikidhibiti chochote kwa sehemu kubwa ya muda, ama kwa sababu vilikuwa vimezimwa na vali kushikwa kwa mkono, ama kwa sababu vali ilikuwa imefika mwisho wake na haiwezi kwenda zaidi.

Kundi hilo la asilimia 36 ndilo linaloonyesha kwa nini kipimo cha kwanza kiwe kile kilicho rahisi kuliko vyote: saa ambazo mzunguko uliendeshwa kwa mkono. Kwenye skrini ya mwendeshaji hali hiyo huandikwa MAN, na hali ya kujiendesha huandikwa AUTO. Kompyuta ya kiwanda hutunza kila badiliko la hali, hivyo kinachohitajika ni kujumlisha saa za MAN za wiki nzima na kuzigawa kwa saa 168. Hesabu hii haihitaji utaalamu wowote, lakini ushahidi wake ni mzito, maana ni kauli ya watu wa zamu. Mwendeshaji mwenye skrini ishirini za kuangalia hapendi kushika vali kwa mkono usiku kucha. Akifanya hivyo, ana sababu: kidhibiti kilimsumbua, kihisi kilimdanganya, au mtambo ulibadilika na hakuna aliyezibadili namba. Njia bora ya kuijua sababu ni kumwendea mwenyewe na kumuuliza, tena zamu zote, kwa kuwa zamu ya usiku mara nyingi huendesha tofauti na ya mchana.

Saa za MAN peke yake hata hivyo huficha mambo mawili. La kwanza ni vali iliyofunguka yote. Skrini itaandika AUTO, kidhibiti kitakuwa kikidai vali zaidi, lakini vali haina cha kuongeza. Saa hizo zihesabiwe pamoja na saa za MAN, kwa sababu udhibiti haukuwepo. La pili ni mwendeshaji anayeuacha mzunguko kwenye AUTO lakini kila baada ya dakika chache anabadili kiwango kilichowekwa ili vali iende anakotaka yeye. Huko ni kuendesha kwa mkono kwa kupitia mlango wa nyuma, na hugundulika kwa kuhesabu mabadiliko ya kiwango katika zamu moja. Mzunguko ambao kiwango chake kilipaswa kukaa palepale siku nzima, ukaonekana umebadilishwa mara arobaini, si wa kuhesabiwa kuwa mzima.

Kipimo cha pili hutafuta mawimbi. Mzunguko unaoyumba hupanda na kushuka kwa mpangilio, dakika baada ya dakika, bila kutulia. Jicho la binadamu huliona wimbi mara moja kwenye grafu, ila hakuna anayeweza kukodolea macho grafu mia tatu kila asubuhi, kwa hiyo inatakiwa njia ambayo kompyuta itaifuata. Njia iliyoenea ilitolewa mwaka 1995 na Tore Hägglund wa Lund, Sweden. Mstari wa mkengeuko hukata sifuri kila kipimo kinapovuka kiwango kilichowekwa. Kutoka mkato mmoja hadi unaofuata, kompyuta hujumlisha mkengeuko wote bila kujali alama yake, yaani hupata eneo la kilima au bonde lililopo kati ya mikato hiyo. Eneo dogo ni kelele za kawaida za kihisi. Eneo kubwa humaanisha kuna kitu kimeusukuma mzunguko. Mpaka kati ya dogo na kubwa unaweza kupatikana hivi:

```
IAE_lim = a * Ti / pi
```

Hapa `a` ni ukubwa wa wimbi linalovumilika, kwa kawaida asilimia 1 ya upana wa kipimo. Kwa mzunguko wenye Ti ya sekunde 60, mpaka huwa takribani asilimia-sekunde 19. Uzuri wa kanuni hii ni kwamba inaitumia Ti iliyomo tayari ndani ya kidhibiti kama kadirio la mwendo wa asili wa mzunguko, hivyo fundi hana cha kukisia. Udhaifu wake unatoka hapohapo: Ti ikiwa iliwekwa ovyo, na mpaka nao unakuwa ovyo.

Kilima kimoja kikubwa si wimbi. Huenda mtu alifungua vali mahali fulani na mzunguko ukajirudi wenyewe kama ulivyotakiwa. Hägglund alipendekeza kengele ipigwe pale tu maeneo makubwa yanapofika zaidi ya kumi ndani ya muda unaolingana na vipindi hamsini vya wimbi. Nina Thornhill na wenzake baadaye waliongeza sharti la mpangilio. Mstari hulinganishwa kwanza na nakala yake iliyosogezwa mbele kidogo kidogo, kazi ambayo huondoa kelele na kuacha wimbi likiwa safi, kisha hupimwa nafasi kati ya mikato ya sifuri. Mtawanyiko wa nafasi hizo ukiwa chini ya theluthi moja ya wastani wa kipindi, wimbi ni la kweli na kipindi chake kinajulikana. Kipindi hicho kina thamani kubwa kuliko kengele yenyewe, kwa sababu mizunguko miwili yenye wimbi la kipindi kimoja karibu kila mara ina chanzo kimoja.

Chanzo ndicho kinachowakosesha wengi. Mzunguko unaoyumba hudhaniwa mara moja kuwa una namba kali kupita kiasi, na fundi hukimbilia kuzipunguza. Namba kali ni chanzo kimoja kati ya vitatu. Cha pili ni vali inayonata: pakingi imekazwa mno au shina lina kutu, hivyo vali haisogei mpaka amri ilimbikize nguvu ya kutosha, halafu inaruka na kupitiliza. Cha tatu ni wimbi linaloletwa na mzunguko mwingine ulio juu ya mkondo. Vali inayonata haiponi kwa kupunguza ukali. Wimbi litarefuka tu, pengine kutoka dakika mbili hadi tano, na mtambo utaendelea kuyumba taratibu zaidi. Huo ni urekebishaji wa uongo, na ni wa kawaida mno viwandani.

Jaribio la kutenganisha vyanzo hivi ni dogo. Mzunguko huwekwa kwenye MAN, vali ikaachwa palepale ilipo, na watu wakasubiri vipindi kadhaa. Wimbi likifa, chanzo kilikuwa ndani ya mzunguko huo. Likiendelea, linatoka nje. Likifa, umbo la mistari huelekeza zaidi: kwenye mzunguko wa mtiririko, vali inayonata huacha amri iliyo kama meno ya msumeno na kipimo kilicho kama ngazi, kinachokaa sawa kisha kikaruka. Namba kali huacha mawimbi laini ya mviringo katika mistari yote miwili. Umbo hilo halitegemewi kwenye mizunguko ya kina cha tangi, ambako hata vali inayonata huacha kipimo chenye umbo laini, kwa hiyo huko afadhali kuijaribu vali yenyewe: amri iongezwe kwa asilimia nusu nusu, na macho yawe kwenye shina lake.

Kipimo cha tatu ni takwimu za mkengeuko, nazo ndizo hupotosha zaidi zikitumiwa peke yake. Namba mbili zinatosha kwa kuanzia. Moja ni wastani wa mkengeuko bila alama, unaosema mzunguko hukaa mbali kiasi gani na kiwango chake. Nyingine ni mtawanyiko wa mkengeuko, unaosema hubadilikabadilika kiasi gani. Zote zikokotolewe kwa saa za AUTO pekee, na zigawanywe kwa upana wa kipimo ili nyuzi za joto ziweze kusimama karibu na tani za mtiririko. Hata hapo hazijawa haki. Mkengeuko wa asilimia 3 ni aibu kwenye dramu ya boila, lakini ni jambo dogo kwenye tangi la akiba. Ndiyo sababu kulinganisha mzunguko na historia yake wenyewe, wiki hii na mwezi uliopita, huleta maana kuliko kuupanga foleni pamoja na jirani yake.

Swali linalobaki ni kama mkengeuko uliopo ungeweza kupunguzwa. Thomas Harris alilijibu mwaka 1989. Kila mzunguko una ucheleweshaji: vali ikisogea sasa, kihisi hakitaona lolote kwa sekunde au dakika kadhaa. Kinachotokea ndani ya ucheleweshaji huo hakuna kidhibiti kinachoweza kukizuia. Lakini ikiwa mkengeuko wa sasa unaweza kubashiriwa kutokana na data ya kabla ya ucheleweshaji, basi habari ilikuwepo na kidhibiti hakikuitumia. Harris alionyesha jinsi ya kuzitenganisha sehemu hizo mbili kwa kutumia data ya kawaida ya kila siku, bila kuusumbua mtambo. Kinachohitajika kujulikana mapema ni ucheleweshaji tu. Kiwango chake si lengo la kufikiwa, kwa kuwa kidhibiti kinachokifikia hupiga vali huku na huko mpaka ikachakaa. Kinafaa kwa kuonyesha pale ambapo hakuna cha kupata, ili fundi asipoteze nusu siku yake hapo.

Mfano ufuatao umetungwa kwa ajili ya maelezo, ila kila kilichomo hutokea katika kiwanda cha sukari. Data ni ya wiki moja ya msimu wa kusaga, usiku na mchana, na mizunguko ni minane. Kwa mtawanyiko pekee, wa kwanza kwenye orodha ungekuwa LIC-110, kina cha tangi la juisi safi, wenye asilimia 14. Anayefuata takwimu kwa upofu angeanza nao, na angeharibu. Tangi hilo limewekwa pale ili lipande na kushuka, limeze mabadiliko ya mtiririko unaotoka upande wa kusaga na kuutoa ukiwa umetulia kuelekea mitambo ya kuvukiza. Mzunguko wake ukifanywa mkali, kina kitanyooka kama uzi na mabadiliko yote yatapelekwa mbele. Unaachwa. Dramu ya boila, LIC-301, ilikaa AUTO wiki nzima na mkengeuko mdogo. Nayo inaachwa.

Kwa saa za MAN, AIC-102 ndio unaojitokeza. Huu hupima pH ya juisi baada ya kutiwa chokaa, na ulikaa MAN saa 119 kati ya 168, yaani asilimia 71. Saa chache za AUTO hazitoi takwimu za kuaminika. Watu wa zamu, walipoulizwa, walitoa jibu moja: kipimo hakilingani na kile cha maabara, hasa kufikia siku ya pili baada ya kusafishwa. Elektrodi imefunikwa na ukoko wa chokaa. Namba mpya ndani ya kidhibiti haziwezi kuufanya ukoko huo useme kweli. Kazi hapa ni ya usafishaji, tena kila zamu, na mzunguko unatolewa kwenye orodha ya kurekebisha mpaka hapo. PIC-205, unaoongeza mvuke pale mgandamizo unaposhuka, ulionekana AUTO wakati wote, lakini vali yake ilikuwa wazi yote kwa saa 52, asilimia 31 ya wiki. Mvuke haukutosha. Huo ni mjadala wa boila na makapi ya miwa, si wa Ti.

Mawimbi yalipatikana katika mizunguko mitatu iliyo mfululizo: FIC-201, mtiririko wa juisi safi kwenda mitambo ya kuvukiza; TIC-203, joto la juisi hiyo baada ya kipashio; na LIC-204, kina cha chombo cha kwanza cha kuvukiza. Yote mitatu ilikuwa na kipindi cha dakika 4. Wenye mkengeuko mkubwa zaidi ulikuwa LIC-204, na ndio uliokuwa ukilalamikiwa. Lakini wa mbele kwenye mkondo ni FIC-201, na mzunguko wa mtiririko huitikia kwa sekunde. Wimbi la dakika nne kwenye mzunguko wa sekunde haliwezi kuwa kosa la namba kali. Amri yake ilikuwa na meno ya msumeno, kipimo kilikuwa na ngazi. FIC-201 ulipowekwa MAN kwa nusu saa, mawimbi yote matatu yalizimika. Pakingi ya vali ililegezwa na shina likasafishwa, na mizunguko miwili ya chini ikatulia bila hata namba moja kuguswa.

Umebaki TIC-104, joto la juisi mbichi kabla ya tangi la kutulizia, ambao hakuna aliyekuwa akiulalamikia. Ulikuwa AUTO asilimia 94 ya wiki, hauna wimbi, na mtawanyiko wake si wa kutisha. Kinachoshtua ni wastani wa mkengeuko bila alama, nyuzi 2.6, na jinsi ulivyokaa upande mmoja kwa muda mrefu: kila mtiririko ulipoongezeka, joto lilishuka na kuchukua dakika 25 kurudi. Jaribio la kuisogeza vali lilionyesha ucheleweshaji wa sekunde 40 na mwitikio wa dakika 3. Mtambo wa dakika tatu unaorudi kwa dakika 25 una kidhibiti kilicholala, na kwa kipimo cha Harris karibu mkengeuko wake wote ulikuwa wa kubashirika. Ti iliyokuwemo ilikuwa dakika 20. Na gharama yake ni ya kweli: juisi hupashwa kupita kidogo joto la kuchemka ili ikiachiwa mgandamizo ichemke ghafla na kutoa hewa iliyoganda kwenye chembe za makapi. Joto likiwa chini, chembe hubaki na hewa, huelea badala ya kuzama, na juisi hutoka chafu. Huu ndio mzunguko wa kurekebisha. Ti ililetwa dakika 3, nguvu ya kusukuma ikakokotolewa kutokana na jaribio lilelile, na katika wiki iliyofuata wastani wa mkengeuko ukawa nyuzi 0.9. Namba hizo zitahitaji kuangaliwa tena mabomba ya kipashio yanapopata ukoko na tena yanaposafishwa, maana mvuke uleule hupasha tofauti.

Hesabu zote hizi huanguka data ikiwa mbaya. Kompyuta nyingi za viwandani huokoa nafasi kwa kutunza kipimo pale tu kinapobadilika kupita kiasi fulani na kuchora mstari ulionyooka katikati, hivyo wimbi dogo hufutika kabla halijatafutwa. Mzunguko wa mtiririko ukisomwa mara moja kwa dakika, mawimbi ya sekunde 20 hayaonekani kabisa, au hujitokeza kama wimbi refu ambalo halipo. Data ya uchunguzi itunzwe ikiwa mbichi, na angalau mara kumi katika kila kipindi cha wimbi linalotafutwa. Vilevile mstari uliotulia kupita kiasi, bila hata kelele ndogo, usipewe alama za juu: mara nyingi ni kihisi kilichoganda au bomba lake dogo lililoziba.

Baada ya wiki tatu za kusafisha elektrodi kila zamu, AIC-102 ulikuwa AUTO asilimia 88 ya muda, na kwa mara ya kwanza data yake ilitosha kuchunguzwa. Ilionyesha wimbi laini la mviringo lenye kipindi cha dakika 6, ambalo lilikufa mzunguko ulipowekwa MAN. Vali ya maziwa ya chokaa ilijaribiwa kwa nusu asilimia, ikasogea kila mara. Sasa mzunguko wa pH nao umeingia kwenye orodha ya kurekebishwa.